Makamu Apoteza Kichwa: Kukata na Kugeuza Herufi katika Fumbo la Maneno

"Makamu apoteza kichwa kwa fedheha (4)."

Ukiisoma sentensi hii kama habari ya gazetini, utamwona kiongozi fulani aliyeumbuka mbele za watu mpaka akachanganyikiwa. Ndivyo mtunzi anavyotaka uisome. Lakini hiki ni kidokezo cha fumbo la maneno, na ile tarakimu iliyo kwenye mabano inakuambia kuwa jibu lina herufi nne. Neno jingine la makamu ni NAIBU. Kichwa cha neno ni herufi yake ya kwanza. NAIBU akipoteza N anabaki AIBU, na aibu ndiyo fedheha. Hakuna neno hata moja katika sentensi ile lililokaa bure.

Mafumbo ya namna hii yamekulia Uingereza. Chemshabongo ya kawaida, ile inayokuuliza mji mkuu wa Kenya nawe ukajaza NAIROBI, ilianzia Marekani: Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, aliichapisha katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913. Ilipovuka bahari kwenda Uingereza ikaota pembe. Mwaka 1926 Edward Powys Mathers alianza kutunga mafumbo katika gazeti la Observer kwa jina la Torquemada, naye hakutaka tena kuuliza maswali ya maarifa; alitaka kumchezea msomaji shere kwa maneno. Alipofariki mwaka 1939 nafasi yake ilichukuliwa na Derrick Somerset Macnutt, mwalimu wa Kilatini na Kigiriki, aliyejiita Ximenes. Huyu ndiye aliyeweka sheria: kidokezo kiwe na maana sahihi ya jibu, kiwe na maelezo ya haki ya jinsi ya kuzipata herufi zake, na kisiwe na kitu kingine chochote. Mwaka 1972 mrithi wake akawa Jonathan Crowther, anayejulikana kwa jina la Azed. Torquemada na Ximenes walikuwa wakuu wa mahakama ya dini ya Hispania, ile iliyokuwa ikitesa watu. Na Azed? Lisome kutoka nyuma: DEZA, mkuu mwingine wa mahakama hiyohiyo. Jina lenyewe ni fumbo la kugeuza.

Kidokezo cha Kiingereza ukikitafsiri kinakufa palepale, maana uhai wake umo ndani ya herufi. Kwa hiyo vidokezo utakavyovisoma hapa nimevitunga mwenyewe kwa Kiswahili, nikifuata sheria za Ximenes. Nimeshughulika na aina mbili tu, kugeuza na kukata, kwa sababu hizo ndizo zinazomsumbua mgeni kuliko nyingine. Anajua kuna herufi za kuondoa au za kupindua, ila hajui ni zipi.

Jambo la kwanza kulishika ni kwamba kila kidokezo kina pande mbili. Upande mmoja ni maana ya jibu, kama ya kamusi. Upande wa pili ni kazi ya herufi: neno la kushughulikia, pamoja na amri ya kulifanyia jambo. Na maana haikai katikati. Iko mwanzoni mwa sentensi au mwishoni, basi. Katika kidokezo cha makamu, maana ni "fedheha" mwishoni, neno la kushughulikia ni "makamu", na amri ni "apoteza kichwa". Kile "kwa" ni gundi tu ya kuunganisha pande mbili.

Tuanze na kugeuza. Amri zake ni rahisi kuzitambua: rudi, geuka, pinduka, kinyumenyume, kutoka mwisho. Hapa watu wa pwani wajihadhari kidogo. Kile kinyume cha zamani, ambacho vijana walikitumia ili wakubwa wasiwaelewe, huhamisha silabi: ya mwisho inakwenda mbele, nyumba inakuwa mbanyu. Fumbo la maneno halijali silabi. Linageuza herufi moja moja, kuanzia ya mwisho hadi ya kwanza, na mwenye sikio lililozoea kinyume atapata tabu mwanzoni mpaka aandike neno kwenye karatasi na kulisoma kwa kidole.

Kiswahili nacho kina ubishi wake. Maneno yetu karibu yote yanaishia kwa irabu. Ukigeuza neno, herufi ya mwisho inakuwa ya kwanza na ya kwanza inakuwa ya mwisho. Kwa hiyo ili matokeo yawe neno la Kiswahili, neno la kwanza lazima nalo lianze kwa irabu. SAMAKI hageuziki. MEZA haigeuziki. Usipoteze muda nayo. Hili peke yake linampunguzia mfumbuzi kazi kubwa: ukiona amri ya kugeuza, na hakuna amri nyingine ya kukata au kuongeza, tafuta maneno yanayoanza kwa A, E, I, O au U, mengine yaache.

Maneno yanayogeuzika si mengi, lakini yaliyopo yana utamu. AMANI likigeuzwa ni INAMA. AIBU ni UBIA, yaani ushirika wa biashara. INUA ni AUNI, msaada. UMA ni AMU, jina ambalo wenyeji wa Lamu wanauita mji wao. Na kuna AKIKA, karamu ya mtoto mchanga, ambalo ukilisoma mbele au nyuma ni lilelile, hata mtunzi anaweza kukuambia "huigeuzi ikageuka".

Sasa chukua hiki: "Nyanyua kuelekea juu kupata msaada (4)." Nyanyua ni INUA, msaada ni AUNI, na amri ni "kuelekea juu". Kidokezo hiki ni halali kikiwa miongoni mwa vile vya wima tu, ambavyo majibu yake huandikwa kutoka juu kwenda chini. Ndani ya safu ya wima, neno lililogeuzwa kweli linasomeka likipanda juu. Kikiwekwa kwenye mstari wa mlalo, amri hiyo haina maana, maana herufi za mlalo haziendi juu wala chini. Kwa mlalo mtunzi atasema neno "linarudi" au "linatoka mashariki", kwa kuwa tunaandika kutoka kushoto kwenda kulia, kama ramani inavyotoka magharibi kwenda mashariki. Watunzi waangalifu wa Kiingereza hawavunji kanuni hii, na mfumbuzi anafaidika nayo kinyumenyume: ukikuta neno kama "panda", "inuka" au "kaskazini" katika kidokezo cha wima, shuku mara moja kwamba kuna kitu cha kugeuza. Ukilikuta katika cha mlalo, basi neno hilo lina kazi nyingine.

Tatizo kubwa la kugeuza ni kwamba maneno mawili yanayogeuzana yana haki sawa. Tazama: "Fedheha kinyumenyume na ushirika (4)." Je, jibu ni AIBU au UBIA? Ukisema "fedheha kinyumenyume" unapata UBIA, na maana yake ni ushirika, iliyo mwishoni. Ukisema ushirika usomwe kinyumenyume unapata AIBU, na maana yake ni fedheha, iliyo mwanzoni. Amri imekaa katikati na inatazama pande zote mbili. Kwa Kiingereza balaa hili ni la kila siku. REWARD, yaani zawadi, ukiligeuza ni DRAWER, linaloweza kuwa mtoto wa meza au mchoraji. Mtunzi akiweka neno lenye maana ya "imerudishwa" katikati ya zawadi na mchoraji, hakuna akili itakayoamua.

Kiswahili kina dawa ambayo Kiingereza hakina, nayo ni upatanisho wa ngeli. Andika "Fedheha iliyogeuzwa ni ushirika (4)" na ubishi umekwisha. "Iliyogeuzwa" inaifuata fedheha na inapatana nayo. Ushirika ungedai "uliogeuzwa". Basi kinachogeuzwa ni AIBU, na jibu ni UBIA. Kiambishi kidogo cha herufi moja kimekuambia amri ni ya nani. Ndiyo maana, ukifumbua kwa Kiswahili, soma viambishi kabla ya kusoma maneno. Mtunzi anaweza kukudanganya kwa sura ya sentensi, lakini akitaka kuwa mwungwana hawezi kukudanganya kwa ngeli.

Pale ambapo mtunzi amekuacha njiapanda, jedwali ndilo mwamuzi. Majibu ya mlalo na ya wima yanakatana, na kila yanapokatana yanachangia herufi. AIBU na UBIA zinatofautiana katika nafasi zote nne, kwa hiyo herufi yoyote moja utakayoipata kutoka jibu jingine inakata shauri. AMANI na INAMA zinatofautiana katika nafasi nne kati ya tano, ila ile ya katikati ni A kotekote. Hivyo ndivyo ilivyo kwa kila jozi yenye herufi za idadi witiri: herufi ya kati haisogei. Kama hiyo ndiyo pekee uliyo nayo, subiri. Usijaze kwa wino.

Kukata ni bahari nyingine, kwa sababu neno linaweza kukatwa sehemu nyingi. Swali la mfumbuzi ni lilelile kila mara: amri inaelekeza kisu wapi? Bila kichwa, bila mwanzo, bila kofia, bila kifuniko, ni herufi ya kwanza. Bila mkia, bila mwisho, kwa ufupi, nusura, karibu, ni ya mwisho. Bila ganda, bila kingo, bila mipaka, ni ya kwanza pamoja na ya mwisho. Bila moyo ni ya katikati. Utumbo ukitolewa, au kitu kikiwa tupu ndani, yote ya ndani yanaondoka na zinabaki mbili za pembeni.

Kukata kichwa kwa Kiswahili ni raha. SIMBA anakuwa IMBA. MPAKA unakuwa PAKA. NYUMBA inakuwa YUMBA, na ukiikata tena inakuwa UMBA. Sababu ni kwamba maneno mengi yanaanza kwa konsonanti, na nyingi zikianguka nyuma yake kuna neno zima.

Mkia ndio mgumu, na sababu ni ileile ya irabu za mwisho. Ukiondoa herufi ya mwisho ya KITABU unabaki na KITAB, ambalo si neno letu. Kwa Kiingereza jambo hili halisumbui: PLANET ambayo ni sayari inakuwa PLANE ambayo ni ndege, kisha PLAN ambayo ni mpango, ukikata mkia tu. Kwetu kisu cha mkia kinafaa pale neno linapoishia kwa irabu mbili zilizofuatana, na maneno hayo kwa sehemu kubwa ni vitenzi: SIKIA inatoa SIKI ya kwenye kachumbari, KATAA inatoa KATA, FUNGUA inatoa FUNGU. Kwa hiyo ukiona amri ya mkia katika kidokezo cha Kiswahili, tafuta kwanza kitenzi. Tena ujihadhari na neno "karibu". Katika sura ya sentensi utalisoma kama salamu ya mwenye nyumba, kumbe mtunzi amelitumia kwa maana ya "bado kidogo", yaani neno halikukamilika. Waingereza wanafanya hila kama hiyo kwa neno DETAILED, ambalo kwa kawaida ni "lenye maelezo kamili", lakini wao wanalipasua na kulisoma kama "lililokatwa mkia".

Moyo nao una hesabu yake. "Barubaru asiye na moyo aona urefu wa maji (4)." Barubaru ni KIJANA, herufi sita. Neno la herufi sita halina herufi moja ya katikati. Lina mbili, na hapa ni J na A. Zitoe, unabaki na KINA. Lakini neno la herufi tano lina moyo wa herufi moja. KAUKA ikitolewa moyo, ile U, inabaki KAKA. Na KATIKA ikitolewa moyo, T na I, inabaki KAKA vilevile. Hapo ndipo tarakimu ya mabano inapokuwa shahidi dhaifu: inakuambia jibu lina herufi nne, haikuambii kama ulianza na tano au sita. Zote mbili zinawezekana, nawe huna budi kujaribu visawe vya urefu wote huo kabla ya kukata tamaa. Kwa bahati nzuri, neno la herufi sita lenye mpangilio wa konsonanti na irabu, konsonanti na irabu, lina silabi kamili katikati, kwa hiyo kinachobaki baada ya kuitoa kinatamkika daima. SAFARI inakuwa SARI. TAJIRI anakuwa TARI, lile tari la kupigwa kwenye maulidi. Mkia unapotunyima, moyo unatupa.

Ipo pia aina ambayo mtunzi anaitaja herufi yenyewe, lakini kwa kificho. Waingereza wana hazina kubwa ya vifupisho: mwanafunzi ni L, ile nyekundu ya kwenye kibao cha gari la anayejifunza udereva, mfalme ni R kwa Kilatini au K kwenye sataranji, mapenzi ni O, kwa sababu katika tenisi neno lao la mapenzi ndilo sifuri. Mtu "aliyepoteza mapenzi" amepoteza O. Kwa Kiswahili tunaweza kutumia namba za Kirumi na vifupisho vya mtaani. Jaribu hiki:

"Ishi, ndugu, ukipoteza elfu (3)."

Ndugu ni KAKA. Elfu ni ipi? Kwa Kirumi ni M, lakini KAKA haina M, kwa hiyo hiyo itupe. Siku hizi watu wanaandika 20K wakimaanisha elfu ishirini, basi elfu ni K. Lakini KAKA ana K mbili! Ukiondoa ya kwanza unabaki na AKA, kujenga kwa mawe, kazi ya mwashi. Ukiondoa ya pili unabaki na KAA. Yote mawili ni maneno halali ya herufi tatu. Amri imesema elfu, si maelfu, kwa hiyo ni moja tu inayotoka, lakini haikusema ni ipi. Anayeamua ni maana, na maana ni "ishi". Basi KAA. Kama kidokezo kingeanza na "jenga", jibu lingekuwa AKA na kisu kingepita mahali pengine. Hii ni tabia ya aina hii ya kukata: amri inakupa herufi, maana inakupa nafasi.

Mambo yanakolea pale mtunzi anapokata na kugeuza katika kidokezo kimoja. Hapo mpangilio wa kazi ni lazima ufuatwe, kama katika hesabu. Tukipitie kimoja polepole:

"Shusha kichwa, mchoro wa nchi hauna mwanzo na umegeuzwa (5)."

Mgeni atarukia "shusha kichwa". Amekwisha kujifunza kwamba kichwa ni herufi ya kwanza, kwa hiyo ataona amri mbele yake: chukua herufi ya kwanza, iteremshe chini ya neno, au iondoe. Mtego umewekwa hapo makusudi. Njia ya kujiepusha nao ni kuuliza swali la pande mbili. Kama "shusha kichwa" ni amri, basi maana haiko mwanzoni, na lazima iwe mwishoni. Mwishoni kuna nini? "Umegeuzwa", au "na umegeuzwa". Kuna neno la herufi tano lenye maana hiyo ambalo lingesimama kama jibu? Ni shida. Tena tumeona kwamba "geuzwa" ni amri ya wazi kabisa. Kwa hiyo mwisho umekwisha kuchukuliwa na kazi ya herufi, na maana haina pa kukaa isipokuwa mwanzoni. "Shusha kichwa" ndiyo maana yenyewe.

Sasa upande wa kazi. "Mchoro wa nchi" ndilo neno la kushughulikia, na ngeli inathibitisha: mchoro "hauna", mchoro "umegeuzwa". Amri zote mbili zinapatana na mchoro, hakuna hata moja inayomhusu kichwa. Kisawe cha mchoro wa nchi ni RAMANI, herufi sita. Jibu lina tano, kwa hiyo kukata herufi moja kunaingia kwenye hesabu. Hauna mwanzo: R inatoka, inabaki AMANI. Umegeuzwa: AMANI inakuwa INAMA. Na kuinama ni nini kama si kushusha kichwa? Jibu limekubali pande zote mbili, na hapo ndipo unapoandika kwa wino.

Angalia kingetokea nini kama ungebadili mpangilio. Ukiigeuza RAMANI kwanza unapata INAMAR. Ukiondoa mwanzo wake unapata NAMAR, takataka. Kukata kichwa na kisha kugeuza si sawa na kugeuza na kisha kukata kichwa. Ni sawa na kugeuza na kisha kukata mkia. Ndiyo sababu amri zinasomwa kwa mpangilio zilivyoandikwa, kuanzia ile iliyo karibu zaidi na neno lake. Ukiona umefika kwenye takataka ilhali kisawe chako kinafaa, badili mpangilio kabla hujabadili kisawe.

Naibu wetu wa mwanzo naye angeweza kupitishwa njia hiyohiyo: "Makamu aliyekatwa kichwa arudishwa kwenye ushirika (4)." NAIBU, AIBU, UBIA.

Kuna kosa moja ambalo wafumbuzi wapya hulirudia zaidi ya mengine yote, nalo ni kukata neno lililoandikwa badala ya kisawe chake. Wanaliona neno "makamu" na kukata M, wanapata AKAMU, wanakwama. Wakati mwingine mtunzi kweli anatumia neno lililo mbele ya macho yako, hasa likiwa fupi. Lakini mara nyingi neno la kukatwa limefichwa nyuma ya kisawe, na dalili yake ni hesabu: ukitoa herufi ambazo amri imezitaka, je, urefu unalingana na mabano? MAKAMU bila kichwa ni herufi tano, mabano yanasema nne. Basi si hilo. Unatafuta kisawe cha herufi tano.

Dalili ya pili ya kupotea ni neno linalobaki bila kazi. Umepata jibu linalofaa maana, herufi zinaingia kwenye jedwali, lakini kuna "kwenye" au "mfupi" au "kaskazini" ambayo hujui imefanya nini. Gundi ndogo kama "kwa" na "ni" inasameheka. Kivumishi kizima hakisameheki. Ama jibu lako si sahihi, ama ni sahihi lakini umefika kwa njia nyingine. Mfano mzuri ni AMANI. Unaweza kuipata kutoka RAMANI bila R, na unaweza kuipata kutoka ZAMANI bila Z. Kidokezo kikisema "Kale pasipo mwanzo palikuwa na utulivu (5)", anayefikiria ramani atajaza jibu lililo sahihi huku "kale" ikibaki inaning'inia. Jedwali halitamwambia chochote. Ila atakuwa amefumbua nusu, na watu wa mchezo huu hawahesabu nusu.

Mtunzi naye ana wajibu wake. Kidokezo kinachokubali majibu mawili, kila moja kwa ushahidi kamili, ni kosa la aliyekitunga. Akitaka kugeuza, aiweke amri mahali ambapo inamshika mmoja tu. Akitaka kukata, aseme wapi. Kwa Kiingereza inambidi ahangaike na mpangilio wa maneno. Kwa Kiswahili ngeli imekwisha kumfanyia nusu ya kazi, na kama bado kidokezo chake kinatazama pande mbili, basi ni uzembe.

Hiki cha mwisho nakuachia wewe msomaji, na kila unachohitaji kukifumbua kimeshatajwa. Jibu lina herufi nne, na hakuna neno lililokaa bure:

"Karibu! Fumbua nambari (4)."